Karani wa Meza ya Tatu

Jina la Karani nilimpa mimi, kwa hiyo msimtafute mtu mwingine wa kulaumu. Nilikuwa mwalimu wake wa kemia. Aliingia darasani kwangu akiwa na miaka kumi na sita, mwembamba, sketi imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na mwandiko, jamani, mwandiko! Nilinyanyua daftari lake juu wiki ile ile ya kwanza. "Mnaona kazi ya mtu? Hii ndiyo kazi. Huyu ni karani." Darasa likacheka, naye akacheka huku ameinamisha kichwa, na kuanzia siku hiyo hata walimu wenzangu hawakumwita jina jingine.

Karani alitaka kuwa mfamasia. Wala hazikuwa ndoto za alinacha. Mama yake alifua mashuka hospitalini, na mwaka mmoja kabla alipewa vidonge vya presha kwenye bahasha iliyoandikwa vibaya hakuna mfano. Akameza viwili asubuhi na viwili jioni badala ya kimoja kimoja, akaanguka, akalala siku mbili hajui yuko wapi. Mtoto alikaa kitandani pale ameishika ile bahasha. Tangu hapo alijua anachokitaka. Chuo cha ufamasia kilidai alama ya C ya kemia, na mtihani wa kemia ulikuwa na sehemu mbili: karatasi ya maswali, na vitendo maabara, kila mtu peke yake na vifaa vyake.

Mimi sasa. Mimi nilisoma kemia nikiwa msichana peke yangu kati ya wavulana thelathini, nikawapita. Nilijipiga kifua kwa hilo miaka yote. Kwangu hakuna upendeleo, nilikuwa nasema. Mtu akiniambia wasichana wanaonewa madarasani nilikuwa namtazama juu mpaka chini, kwa sababu mbona mimi nilifika?

Maabara yetu ilikuwa na meza kumi na bureti kumi. Bureti ni ule mrija mrefu wa kioo wenye namba ubavuni na bomba dogo chini. Unajaza asidi, unaidondosha kwenye chupa yenye dawa ya njano, unatikisa chupa kwa mkono mmoja na mkono mwingine uko kwenye bomba. Njano ikigeuka rangi ya chungwa, funga hapo hapo. Tone moja la ziada, imekuwa nyekundu, umeharibu. Si kazi ya akili peke yake. Vidole vinajifunza, na havijifunzi kwa kutazama.

Wanafunzi walikuwa arobaini, wanne kila meza. Nami nilikuwa na msemo wangu: "Gawaneni kazi wenyewe, mimi si mama yenu." Waligawana. Meza ya tatu alikuwepo kijana mmoja tuliyemwita Bingwa, mwenye sauti ya kuuza samaki, naye alishika bureti siku ya kwanza na hakuiachia. Rafiki yake alipima dawa. Msichana mwingine aliosha vyombo. Karani aliandika namba. Miaka miwili, kila Jumatano, Bingwa anasoma, "Ishirini na nne nukta tatu!" Karani anaandika ishirini na nne nukta tatu, anapiga mstari kwa rula. Mimi nikipita nasema, "Meza ya tatu safi sana." Nilikuwa naisifu rula yake.

Siku moja tu Bingwa hakuja, Karani akashika bomba. Nilimwona. Alikuwa anadondosha polepole mno, tone, kituo, tone, kituo, na kengele ilikuwa inakaribia. Nikaenda. "Lete hapa, mwanangu." Nikaichukua mkononi mwake, nikamaliza kwa nusu dakika. "Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu. Asante."

Alinishukuru! Jumatano iliyofuata Bingwa akapitisha kipimo, chupa nyekundu kama damu. Unajua nilifanya nini? Nilifunga mikono nyuma. "Umeharibu. Umeharibu kwa nini? Fikiri. Rudia." Akarudia mara tatu nimemsimamia, jasho linamtoka, mpaka akapata. Na Mungu anisamehe, niliondoka pale nikiamini kwamba Bingwa nimemkomesha na Karani nimemhurumia.

Mwaka wa mtihani tukaletewa mwalimu wa mazoezi, mama wa watoto wawili aliyeacha kazi ya benki kuja kusomea ualimu. Mpole, hana makuu. Chuo kilimtuma akae nyuma ya darasa na kuchora. Nilidhani anachora maua. Kumbe alichora meza zote kumi, kila mwanafunzi kiduara, na kila nilipofungua mdomo anatia alama. Mchana akanifuata ofisini.

"Mwalimu, samahani. Naomba uangalie hii."

Nikavaa miwani. Maswali arobaini na sita niliuliza kipindi kile. Thelathini na saba yalikwenda kwa wavulana, na zaidi ya nusu ya hayo kwa wanne tu. Wako wavulana wapole pia ambao vidole vyangu havikuwahi kuwaelekea, nao walikuwa na sifuri zao. Pembeni alihesabu sekunde. Nikimuuliza mvulana, nasubiri tano, sita, nampa kidokezo. Nikimuuliza msichana, nasubiri mbili, kisha najibu mwenyewe au naruka kwa mwingine. Wavulana kumi na wanne waliropoka jibu bila kunyoosha mkono, nikapokea majibu kumi na mawili. Wasichana wawili waliropoka, wote wawili nikawaambia, "Nyoosha mkono kwanza." Wavulana niliwasifu kwa kufikiri, wasichana kwa usafi. Na bureti, katika meza nane kati ya kumi, ilikuwa mkononi mwa mvulana.

Kwenye kiduara cha Karani zilikuwepo alama saba, nikafurahi. "Si unaona? Huyu namwita kuliko wote!"

"Mwalimu, soma nilichoandika chini yake."

Futa ubao. Kusanya madaftari. Fungua dirisha. Lete chaki. Andika majina ya waliochelewa. Gawa karatasi. Futa ubao tena. Hakukuwa na swali hata moja.

"Zimebaki wiki sita," yule mama akasema taratibu. "Bureti ziko kumi. Wale waandishi wakibaki baada ya vipindi, kumi kumi, kila mmoja ashike mwenyewe, wanaweza kuwahi. Mimi nitakusaidia kuwasimamia."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwambia hakuletwa pale kunihesabia pumzi. Nikamwambia nilifundisha kemia yeye akiwa bado anajifunza kutembea, na mimi ni mwanamke kama yeye, asinifundishe wasichana ni nini. Aliacha karatasi mezani akatoka. Nikaitupa kwenye droo chini ya vitabu vya mahudhurio, na Jumatano tukaendelea kama kawaida.

Siku ya mtihani waliingia kumi kumi, nami sikuruhusiwa kusema neno. Kazi yangu ilikuwa kuongeza dawa zikiisha, msimamizi wa kutoka nje ananitazama. Karani alikaa dirishani. Alimimina asidi kwa faneli, faneli akaisahau juu ya bureti, inadondoka ndani na kuvuruga kipimo. Kosa hilo alikuwa ameliandika daftarini kwa wino mwekundu: ondoa faneli. Alijua. Mikono ndiyo haikujua. Akafungua bomba, likafunguka lote, njano ikapita chungwa bila hata kusimama. Nyekundu. Akamwaga, akaanza upya. Nyekundu. Mara ya tatu akaogopa, akafunga mapema, chupa imebaki ya njano, na muda ukaisha. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake nimeshika chupa ya asidi. Vidole vyangu vilikuwa vinajikunja vyenyewe.

Wenzake waliokwama walichungulia namba za jirani. Yeye aliandika zake tatu kama zilivyotoka, kila moja umbali wake badala ya kukaribiana, na akapiga mstari kwa rula.

Karatasi ya maswali alifanya vizuri kuliko Bingwa. Vitendo vikamwangusha. Akapata D, chuo kikamkataa. Mama yake alikuja shuleni na sare ya kufulia, ameshika kitambaa mkononi, ananiuliza, "Mwalimu, mwanangu alikosea wapi?" Droo ilikuwa hapo hapo karibu na goti langu. Nikamwambia, "Mama, mtoto ana bidii sana. Mikono yake ndiyo mizito."

Mwaka uliofuata niliwabakisha wanafunzi baada ya vipindi, kumi kumi. Nilibandika zamu ukutani: leo unashika, kesho unaandika. Nilihesabu sekunde kimoyomoyo kama kichaa. Wasichana wangu wengi walifaulu, na kwenye sherehe za mahafali nilipigiwa makofi. Kila nilipopigiwa makofi nilitamani ardhi inimeze.

Ikapita miaka kumi na tisa. Nimestaafu, na presha sasa ninayo mimi. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kubwa, nikapanga foleni dirisha la kusajili wagonjwa. Nilipofika mbele nikauona mwandiko kabla ya uso.

"Shikamoo, Mwalimu!" Alisimama kabisa. "Jamani, Mwalimu wangu!"

"Marahaba, Karani." Likanitoka kabla sijafikiri, nami nikatamani niumeze ulimi.

Akacheka. "Umeona? Nimekuwa kweli. Kumbe ulinibashiria." Akaniandikia kadi huku ananipa habari: mama yake alishafariki, ana binti mmoja yuko sekondari. "Naye ana mwandiko wangu. Maabara wamempa kazi ya kuandika. Nimemwambia ashukuru, maana damu yetu ni ya mikono mizito, kemia haitupendi. Si ulimwambia mama?"

Nikashika ukingo wa dirisha. Nikamwambia. Nilimwambia yote pale pale, bureti, alama saba, wiki sita, droo. Nilimwambia mikono yake haikuwa na ubaya wowote, ila haikupewa kazi, na kwamba akimpenda binti yake aende shuleni kesho asubuhi akaidai ile bureti. Nilikuwa nalia kama mtoto, na watu nyuma yangu wameanza kuguna.

Karani aliacha kuandika. Alitazama vidole vyake, akavikunja, akavikunjua.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Mama alipokuja, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mwanangu."

Akamalizia jina langu kwenye kadi, herufi moja moja, akachukua rula, akapiga mstari chini yake. Akaisukuma kwangu bila kuniangalia.

"Dirisha la nne, Mwalimu," akasema. "Wanaofuata wanasubiri."