Radhi ya Harald

Verna Lokken si mtu wa hasira za karibu, lakini zikimpanda, zimempanda. Jioni ile, kwenye chumba cha chini cha maktaba ya mji wao mdogo wa Wisconsin, zilimpanda na hakuruhusiwa kufungua mdomo.

Ndiyo sheria ya kundi lao la waandishi. Anayesomwa hukaa kimya mpaka wenzake wamalize. Hajitetei wala haelezi alichokusudia, kwa sababu msomaji akinunua kitabu hamkuti mwandishi pembeni akimfafanulia. Verna mwenyewe ndiye aliyeipigania sheria hiyo, na sasa ilikuwa imemgeukia yeye.

Mchana hukata nyama kwenye duka la vyakula. Riwaya yake, ya familia inayopoteza shamba la ng'ombe wa maziwa, huiandika alfajiri kabla ya kazi, na ameiandika miaka mingi. Sasa mhariri mmoja wa Minneapolis alikuwa amekubali kusoma sura ya kwanza tu, ifike kabla ya Ijumaa. Ikimvutia, ataomba kitabu kizima. Isipomvutia, ndiyo basi. Tusidanganyane, Verna alikuja pale kusifiwa.

Kendra, mkutubi anayesimamia kundi, alimsifu kidogo. Kisha ikafika zamu ya Dwayne Pruitt, mwalimu mstaafu wa michezo, na karatasi zake zilikuwa zimejaa wino wa kijani.

"Nilisinzia mara mbili," alisema Dwayne. "Kurasa tatu za mwanzo ni babu kutoka Norway, bei ya maziwa, na historia ya ghala. Maelezo matupu, dada yangu. Bado hajatokea mtu anayetaka kitu."

"Tusipojua shamba lilivyopatikana, tutajali vipi likiuzwa?" Kendra aliuliza.

"Tutamjali mtoto. Solveig ana miaka kumi na miwili, mtamba wa ng'ombe aliyemlea mwenyewe anapelekwa mnadani, na baba hajamwambia. Anza hapo. Babu mpe sentensi moja, binti anapofunga lango alilojenga huyo babu. Mengine acha tuyatamani kwanza."

Verna alimtazama kwa jicho ambalo lingemchuna ngozi. Huyu, ambaye maisha yake yote ameandika hadithi tatu, zote za mpira.

"Na mwendo umeenda upogo," Dwayne aliendelea. "Ghala umelieleza ubao kwa ubao. Mnada, ambao ndio roho ya sura, umeupa mistari minne. Mtamba kaingia, kauzwa, tumesharudi nyumbani. Pasipo na kitu unatembea, penye kitu unakimbia. Unaogopa nini hapo?"

Verna akauma meno. Solveig alikuwa Verna mwenyewe, na wote mezani walilijua hilo bila kuambiwa.

"La mwisho. Tunaona kwa macho ya Solveig, tumekaa naye juu ya uzio. Mara dalali anawaza chakula chake cha mchana. Solveig kajuaje? Hilo dogo, lifute. Ila sikilizeni hili." Akasoma: "'Moyo wa Harald ulimuuma. Alitamani kumwomba binti yake radhi, akakosa maneno.' Tumeruka kichwani mwa baba, halafu tumerudi kana kwamba hatukwenda."

"Si kuna wasimulizi wanaoingia vichwa vyote?" alisema Kendra.

"Wapo, ila huanza hivyo tangu ukurasa wa kwanza. Huyu kachungulia tu, akakimbia. Kama Harald alisikitika, tuonyeshe anachokiona mtoto. Mkono, uso, chochote. Baba alikuwa anafanya nini?"

"Haya, Verna," Kendra alisema. "Sasa ni wewe."

Muda wote huo alikuwa akinoa matusi. Akafungua mdomo, na yakatoka mengine.

"Alikuwa anakula soseji," alisema.

"Nani?"

"Baba. Kwenye meza ya akina mama wa kanisa waliokuwa wakiuza chakula mnadani. Mtamba wangu anazungushwa uwanjani, yeye kanipa mgongo, anaomba haradali apake." Sauti yake ilianza kupanda. "Radhi hiyo nimemtungia mimi. Yeye hakuniomba mpaka tunamzika. Na mimi, mjinga, nakaa alfajiri namwandikia moyo unaouma."

"Pole, dada," alisema Dwayne. "Basi liandike hivyo."

"Usinifundishe," Verna alimjibu, ingawa hasira haikuwa ya Dwayne tena. Ilikuwa imempata mwenyewe, baba yake.

Kesho yake alikata babu, bei ya maziwa na ghala. Mnada akaupa kurasa nne, na Solveig hakushuka kutoka juu ya uzio hata mara moja. Alipofika kwenye ule mstari wa moyo wa Harald, ilimpanda ghadhabu ya miaka yote aliyomfichia mzee yule aibu yake. Akaufuta. Akampa soseji, akampa haradali, akamwacha na mgongo wake, na Alhamisi mchana akaituma sura Minneapolis bila kumwombea mtu radhi.