Nyieka Katika Barua ya Ubalozini

Phelesia wa Mbita, muuza dagaa wa omena, ana wivu na hajawahi kuuficha. Kijaluo, mke mwenza huitwa nyieka, na wivu huitwa nyiego. Yeye husema wazee waliotunga maneno hayo walikuwa na wake wengi. Nyieka wake ni Cate, msusi aliyekwenda Muscat kwa kandarasi. Tangu aondoke, mume wao Frankline hana habari nyingine. Cate amesema hivi, Cate ametuma picha. Phelesia akimwekea samaki mezani, anakula huku macho yakiwa kwenye simu. Inauma.

Kandarasi iliisha. Ndege ilikuwa keshokutwa Cate alipoibiwa mkoba sokoni, pasipoti na kitambulisho vikiwa ndani. Alikwenda polisi, akapewa ripoti, akauandikia ubalozi wa Kenya:

“Naomba hati ya dharura ya kusafiria ili nirudi nyumbani. Nimeambatanisha ripoti ya polisi, picha zangu na tiketi. Nakala ya cheti changu cha kuzaliwa italetwa na nyieka, Phelesia Akoth wa Mbita. Yeye ananijua.”

Kumtaja Frankline kusingefaa kitu. Alikuwa ziwani akivua, simu imezimwa, na cheti kiko kwenye sanduku la Phelesia, mnamotunzwa karatasi zote za nyumba.

Afisa wa ubalozi, Bogonko, akapiga simu. “Naongea na Nyieka Phelesia?”

“Nani?”

“Nyieka. Si ndio jina lako la kwanza? Kwa rekodi sikupati.”

Phelesia aliwaka. Yaani Cate amempeleka hadi serikalini kwa jina la wivu! “Sio jina! Mimi ni mikayi, mke wa kwanza. Huyo amekuja akanikuta.”

“Sawa, mama, pole. Lakini bila cheti siwezi kuthibitisha ni Mkenya, na hati haitatoka. Ndege itamwacha.”

Phelesia alishika kifuniko cha sanduku. Imwache! Akae huko na nywele zake za kununua. Lakini akilini akamwona Frankline akirudi toka ziwani, akilala na simu kifuani, hali chakula, akimlilia aliyekwama. Cate akiwa mbali, mwanamume huyu wote alikuwa wa Cate. Akiwa hapa, angalau angegawanywa nusu kwa nusu.

Akakipiga picha cheti, akakituma.

“Imefika. Asante sana, mama,” Bogonko akasema.

“Ngoja. Hiyo karatasi, akishafika, anaweza kurudi nayo huko?”

“Hapana. Ni ya safari moja tu, ya kuja Kenya. Akitaka kutoka tena, ataomba pasipoti mpya.”

“Hakuna ya kwenda?”

“Hakuna, mama. Sasa uhusiano wenu niandike nini?”

Miaka yote Phelesia alimwita Cate “yule mgeni”.

“Andika ni mke wa bwanangu,” akasema. “Wa pili. Weka na hiyo namba mbili, waione.”