Mkanda wa Nne Uliokwama Njiani

Enzi zile Katanga ilipojitenga na Kongo ikajitangaza nchi, sisi watoto wa wafanyakazi wa reli tulielewa serikali moja tu: sinema ya parokia, Jumapili jioni, kwenye shuka iliyotundikwa ukutani. Palinukia vumbi na karanga za kukaanga. Mashine ilikoroma kama mjomba aliyeshiba. Filamu ilisema Kifaransa. Mwalimu Anaclet, katekista wetu, aliitafsiri, na pale Kifaransa kilipomshinda, alitunga.

Ilikuwa filamu ya mikanda minne, ya timu ya mpira ya wachimba makaa. Mkanda wa kwanza, wakafungwa saba bila. Golikipa akakaa chini langoni akalia, uwanja mzima ukimcheka. Nasi tukalia.

"Musilie," akasema Mwalimu Anaclet, "iko mukanda ya kwanza tu."

Siri yote ya filamu za namna ile imo humo, ingawa mimi nilihitaji chuo kikuu kuielewa. Mkanda wa pili: kocha mpya, mlevi asiyetakiwa popote, mazoezi kwenye matope, sare moja, kisha ushindi mwembamba, tena kwa goli la wapinzani kujifunga. Mkanda wa tatu, tulipoanza tu kuamini, mshambuliaji wao akavunjika mguu, na fainali ikawa dhidi ya walewale wa saba bila. Hadi mapumziko wako nyuma mabao mawili. Taa zikawashwa. Mkanda wa nne ulikuwa haujafika. Baba yangu alisema daraja limebomolewa, treni haipiti.

Rafiki yangu Kalala hakuwa na Jumapili nyingine. Familia yake ilitoka Kasai, jimbo jingine la Kongo, na mwaka ule hilo lilitosha majirani kuacha kuwasalimu. Ijumaa wangehamia kambi ya wakimbizi, kisha wapelekwe Kasai, ambako yeye hakuwahi kukanyaga. Hakuuliza habari za huko. Alitaka kujua mwisho wa mechi tu.

Basi tukautunga wenyewe, wiki nzima, katikati ya mabunda yao. Mimi nilitaka mshambuliaji arudi na bandeji afunge matatu. Kalala akanicheka kwamba sinema siijui.

"Weye hauyue sinema. Nani alilia mbele ya bantu, uwanja muzima? Golikipa. Basi penalti ya mwisho iko yake."

Aliona nisichokiona: goli la mwingine lingeleta kombe, lakini lisingemwinua yule aliyekaa chini langoni. Aibu huifuta aliyeaibika, mbele ya waliomcheka.

Ijumaa wakaenda. Mkanda ulifika wiki tatu baadaye. Wachimba makaa mbele tatu kwa mbili, dakika ya mwisho, penalti dhidi yao. Golikipa akaruka, akadaka. Nilijua, na bado nilipanda juu ya benchi nikilia. Watu wazima nao walilia. Nje ya ua wa parokia hakuna aliyejua kesho italeta nini. Humo ndani, angalau mara moja, tulijua.

Siku hizi mwanangu hukodi kaseti ya video ya filamu kama ile, akaipeleka mbele hadi penalti, halafu akapiga miayo. "Papa, si anadaka tu?" Anadaka, ndiyo. Lakini hakumwona golikipa akilia mwanzoni. Yeye ana miisho kila Jumamosi. Mimi nina mmoja, na hadi leo sijampata Kalala nimwambie kwamba alipatia.