Picha Ambazo Kompyuta Haikuzifungua

Mdogo wangu alipofariki, tulikuwa hatujasemeshana kwa miaka sita. Ninaliandika hili mwanzoni ili msomaji asinionee huruma kabla ya wakati wake.

Tulizaliwa wawili tu, wasichana. Baba alitangulia tukiwa bado wadogo, na mimi kama mkubwa nikajipa kiti chake bila kuombwa na mtu. Mdogo wangu alipokuja kusema kwamba ataolewa na mwanamume Mkristo, karani wa serikali anayekaa mtaa wa Carama, Mama alilia kidogo kisha akanyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilimwambia akitoka kwenye ule mlango asinitafute tena. Alikuwa ameshika viatu mkononi, kwa sababu sebule ilikuwa imetoka kupigwa deki, na alitoka hivyohivyo, miguu mitupu.

Mtoto alipozaliwa, Mama alisamehe. Alikuwa akienda Carama kila mwezi na kurudi na habari ambazo mimi nilijifanya sizisikii. Habari ya ugonjwa nilijifanya siisikii pia. Nilijiambia ni malaria, ni uchovu, ni njia yao ya kunivuta. Alipolazwa nilisema nitakwenda Ijumaa. Alifariki Alhamisi. Alizikwa Kiislamu, kwa dini yetu, na mume wake hakupinga hata neno moja. Alisimama nyuma ya wanaume wa kwetu na kufanya kila alichoambiwa.

Kazi yangu ni sekretariati ndogo pale mtaani Nyakabiga. Nachapa barua za maombi, natoa fotokopi, naskani diploma, naprinti. Kompyuta ni moja, ya Windows, na naijua kama watu wengine wanavyoijua jiko lao. Wiki tatu baada ya mazishi, asubuhi, shemeji yangu aliingia dukani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale. Aliwangoja wateja wawili waishe, kisha akaweka kle ya USB, kile kijiti cha kuhifadhia faili, mezani.

"Shemeji, mama anaomba picha," alisema. "Ya karatasi, ya kushika mukononi. Mi nimejaribu, apana, hazifunguke."

Alinieleza kwamba mdogo wangu alipokuwa amelazwa, simu yake ilijaa. Ilikuwa iPhone, shangazi wa mume wake aliituma kutoka Ulaya. Alimwomba mumewe aipunguzie mzigo, na yeye akaichomeka kwenye kompyuta ya kazini, akanakili folda nzima ya picha kama ilivyo, kisha akazifuta kwenye simu. Baadaye, katika zile siku za mwisho ambapo hakuna aliyeangalia vitu, simu yenyewe ikapotea. Zikabaki hizi tu, kwenye kle.

Nikaifungua. Picha zilikuwa zaidi ya mia tatu, na hakuna hata moja iliyoonyesha sura. Zote zilikuwa vikaratasi vyeupe vyenye namba, na mwisho wa jina herufi nne: HEIC. Nilikuwa nazijua. Wateja wenye simu za aina ile huniletea, na mimi huwaambia wanitumie kwa WhatsApp, inazigeuza yenyewe kuwa JPEG, ingawa inazipunguza uzito. Wakati mwingine nawaonyesha mahali kwenye simu pa kuchagua ili zigeuzwe wakati wa kunakiliwa. Lakini njia hizo zote zinataka simu, na simu haikuwepo.

Nilimwambia aniachie. Alipoondoka nilifanya kosa ambalo kila siku nawacheka wengine kwa kulifanya: nilichukua tano, nikafuta HEIC mwishoni mwa jina, nikaandika JPG, nikazipeleka studio ya picha mjini. Yule bwana wa studio alirudisha kle na kusema mashine haioni kitu. Nilijua. Kubadili jina hakubadilishi kilichomo ndani. Nadhani nilitaka tu iwe rahisi, nimpe Mama karatasi tano na nisilazimike kuziangalia zote.

Siku ya pili nilikaa nazo sawasawa. Nilirudisha majina yale matano kama yalivyokuwa. Nilibofya picha moja, Windows ikaniambia inahitaji kiongezo ili iweze kuionyesha. Kile cha kwanza kilikuwa cha bure, nikakipakua, bado picha ikakataa, kwa sababu kulikuwa na cha pili kinachofungua namna simu inavyobana picha, na hicho kinauzwa kwa kadi ya benki ambayo mimi sina. Kuna tovuti zinazogeuza picha mtandaoni. Niliifungua moja, nikafika mahali pa kuchagua faili, nikaifunga. Intaneti yangu ingechukua siku nzima kupandisha picha mia tatu, lakini sababu haikuwa hiyo. Sikutaka uso wake upite kwenye kompyuta ya mtu nisiyemjua.

Mwishowe niliweka programu ya bure inayogeuza picha kwa mafungu, ambayo huja na uwezo wake wa kusoma HEIC bila kutegemea Windows. Kwanza nilinakili folda nzima kutoka kwenye kle hadi kwenye kompyuta, ili nisiguse zile za asili. Nikatengeneza folda nyingine tupu. Nikaburuta zote ndani ya programu, nikachagua JPEG, nikapandisha ubora karibu na juu kabisa, nikatia alama mahali pa kuhifadhi tarehe na maelezo ya picha, nikaelekeza matokeo kwenye folda tupu. Nikabofya kuanza.

Zilianza kuingia moja moja. Mdogo wangu akajaa kwenye kioo.

Alikuwa amenenepa kisha akakonda. Alikuwa na mtoto mgongoni, mtoto akiwa na dawa ya meno mdomoni, mtoto amevaa kilemba cha Mama. Kulikuwa na sufuria ya maharage ambayo sijui kwa nini aliipiga. Kulikuwa na mkono wake mwenyewe, mwembamba, wenye plasta ya sindano. Mteja aliingia akitaka fotokopi ya kitambulisho, nikamwambia mashine imeharibika, na haikuwa imeharibika.

Halafu ikaja moja ambayo sikuielewa. Ilikuwa barabara, gari limepita nusu, na ng'ambo mlango wa bluu. Nikaikuza. Mlango ulikuwa wangu. Ndani, nyuma ya meza, kichwa kimeinama juu ya karatasi, nilikuwa mimi.

Niliangalia tarehe kwenye maelezo ya picha. Ilikuwa wiki mbili kabla ya kulazwa. Nilijiambia labda alikuwa anapita tu, labda alikuwa anapiga kitu kingine. Nikarudi kwenye folda ya asili kutafuta kama kulikuwa na nyingine za siku ile. Ndipo nilipotambua kwamba kando ya karibu kila HEIC kulikuwa na faili nyingine yenye namba ileile, lakini mwisho wake ni MOV. Nilikuwa nimeziona tangu siku ya kwanza na nikazidhani ni takataka, video zilizopigwa kwa bahati mbaya. Kwenye kle zilikuwa zimejaza nafasi, na nilishapanga nikimaliza nizichague zote nizifute.

Simu zile, ikiwa mtu hajazima jambo hilo, hurekodi sekunde chache kabla na baada ya kubofya. Hapo kwenye simu yote ni picha moja, ukiibonyeza inacheza. Ukiinakili kwenye Windows inagawanyika vipande viwili, picha peke yake na video peke yake. Programu yangu ilikuwa imegeuza picha. Sauti ilikuwa imebaki nyuma.

Nilifungua ile video yenye namba ya picha ya mlango kwa programu ya video ninayotumia kwa kazi nyingine. Ilikuwa sekunde tatu. Barabara inatikisika, gari linapita, na sauti yake, karibu sana na simu, inamwonyesha mtu mimi ni nani.

"Unamuona? Ule njo mama yako mukubwa."

Na sauti ya mtoto: "Tunaingia?"

Ikaisha hapo. Niliirudia mara nyingi nikisubiri jibu, kana kwamba safari mojawapo ingeongeza sekunde ya nne. Nilifunga mlango wa duka saa sita mchana na kukaa sakafuni nyuma ya meza.

Picha zilitengenezwa. Studio ilizisoma zote bila tatizo, na nilichapisha arobaini kwenye karatasi nzuri. Mama alizipokea kwa mikono miwili. Alizipitia polepole, na kila moja aliifuta kwa kiganja ingawa hazikuwa na vumbi. Alipofika kwenye ile ya mlango wangu aliniangalia, akaiweka chini ya nyingine, akaendelea. Sikujua kama alikuwa anajua. Nilimwekea sauti kwenye simu yangu. Aliisikiliza mara mbili, kisha akaomba niizime, na akaniambia nisimwekee tena mpaka yeye mwenyewe aniombe. Hajaniomba.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Carama. Sikuwa nimewahi kufika. Shemeji alinipa kiti, akaleta chai, tukazungumza habari za mvua na za watu wa kazini kwake. Nilimrudishia kle, ikiwa na folda mbili: ya asili yenye kila kitu, picha na video, na ya JPEG. Nilimweleza asifute ile ya kwanza hata kama mtu atamwambia haina kazi, kwa sababu kilichomo mule hakimo kwenye ya pili. Aliitikia kwa kichwa, kwa makini kama mtu anayepewa maelekezo ya dawa.

Kisha nikamuuliza kuhusu siku ile. Nilimuuliza kama mke wake alimwambia kitu aliporudi.

"Alisema ulikuwa na watu wengi," alisema. "Alisema hakupenda kukusumbua mu kazi."

Kwenye picha hapakuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa peke yangu na karatasi. Shemeji alikuwa ameshaiona picha hiyo kwa Mama, na alijua kwamba mimi nimeiona. Akanimiminia chai nyingine.

Mtoto alikuwa uani anafua nguo za mwanasesere. Nilitoka nikachuchumaa karibu naye. Nilimuuliza kama anakumbuka siku aliyokwenda Nyakabiga na mama yake, wakasimama ng'ambo ya barabara. Alisema anakumbuka walinunua maandazi. Nikamuuliza kama ananijua mimi ni nani.

"We njo ule wa pa mulango," alisema, na kunipa soksi ndogo niikamue.

Niliikamua. Akanipa nyingine.