Aya ya Binti wa Ahero

Yule mwimbaji nilimchukia miaka mingi kabla hajafa, na alipokufa sikupata nafuu yoyote. Marehemu hasemwi vibaya, basi nikanyimwa hata hiyo starehe ndogo. Redio zilimlilia wiki nzima. Hapa Nyamasaria ninapokaa, kila kibanda kilipiga nyimbo zake, na uliopigwa kuliko zote ni ule unaomsifu mke wangu.

Hatajwi jina. Wimbo unamwita binti wa Ahero, ambaye shamba la mpunga la baba yake liko mfereji wa kwanza, anayecheka kabla mzaha haujaisha. Kwa watu wa kwao hayo yanatosha kuliko kitambulisho. Kisha kuna mstari juu ya mchumba wake: yuko Nairobi anasahihisha makosa ya wenzake, na kosa lake la kutokuja halioni. Mchumba huyo ni mimi. Nilikuwa msahihishaji katika chumba cha habari cha gazeti moja, kijana anayelipwa kutafuta herufi zilizoanguka. Kwenye harusi yetu wimbo huo ulipigwa, wageni wakanigeukia wakicheka, nami nikacheka nao, meno nje, moyo unatokota.

Tangu siku hiyo nilikuwa na swali moja na sikuwahi kuliuliza: huyu mtu alijuaje jinsi mke wangu anavyocheka?

Nilipostaafu gazetini nilianza kuhakiki taarifa kwa jarida moja la Nairobi. Kazi hii naifanyia nyumbani. Mwandishi analeta makala pamoja na rekodi za mahojiano na namba za simu za watu aliozungumza nao. Mimi napiga mstari chini ya kila kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo, yaani tarehe, shule, jina la kijiji, rangi ya gitaa, halafu nawapigia watu na kuwauliza upya. Siwasomei makala, nawauliza maswali tu. Mwishoni naandika waraka kwa mhariri: hili ni sahihi, hili ni kosa, hili halijathibitishwa, na chanzo changu ni fulani. Lisemwalo lipo, husema watu. Kazi yangu ni kuuliza liko wapi.

Makala ndefu ya maisha ya marehemu ilipoletwa kwangu, sikushangaa. Mhariri alijua mimi ni mtu wa huku ziwani, akaona amenifanyia hisani.

Niseme ukweli, niliianza kazi ile kwa raha mbaya. Mwandishi, kijana aliyelelewa Nairobi, alikuwa amempenda marehemu kupita kiasi. Aliandika kwamba alikuwa mrefu. Nikatafuta picha za bendi, nikamkuta amesimama kati ya mpiga besi na mpiga ngoma, mfupi kuliko wote wawili. Niliandika "kosa" nikajisikia nimekunywa kitu kitamu. Aliandika kwamba gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta. Dada wa marehemu, mama mpole wa Asembo Bay anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliniambia kwenye simu kwamba gitaa lilitengenezwa na binamu yao, marehemu alilichukua tu. "Kosa." Mwaka wa kuzaliwa ulitofautiana kati ya kitambulisho na cheti cha ubatizo, nikaandika miaka yote miwili na kupendekeza tusiutaje. Kama angekuwa hai ningempunguzia hata vidole.

Halafu nikafika kwenye aya.

Mwandishi alisema kwamba katika ujana wake marehemu alimpenda msichana mmoja wa Ahero, kwamba msichana alimwacha kwa ajili ya karani wa gazeti, na kwamba wimbo ule ulikuwa maungamo ya kidonda alichokwenda nacho kaburini. "Alimpenda hadi kufa," ndivyo aya ilivyoishia. Chanzo chake? Wimbo wenyewe. Pembeni alikuwa ameandika: msikilize, anasema mwenyewe.

Karani wa gazeti! Nilisimama, nikatoka nje, nikarudi. Mke wangu alikuwa jikoni akimpigia hesabu jirani juu ya bei ya nyanya, na sauti yake iliniudhi kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida.

Mtu yeyote aliyekulia huku anajua pakruok. Ngoma inapokolea, mtu anakwenda mbele, analipa, muziki unashushwa, anajisifu au anamsifu ampendaye, na mwimbaji anaichukua sifa hiyo na kuiimba. Kwa hiyo sifa katika wimbo si lazima itoke moyoni mwa mwimbaji. Huenda imetoka mfukoni mwa mtu. Kijana wa Nairobi hakujua, na alistahili kuambiwa. Lakini mimi nilijua, na haikunisaidia kitu. Katika akili yangu washukiwa walikuwa wawili tu. Ama mwimbaji alimsifu mke wangu bure, ama kuna mwanamume mwingine aliyelipa. Miaka yote nimekuwa nikiwabadilisha hao wawili, leo namchukia huyu, kesho yule, na mara nyingi nilimrudia mwimbaji kwa sababu angalau sura yake naijua.

Ningeweza kuifuta aya ile kwa mstari mmoja. Ushahidi haupo, iondolewe. Vidole vilikuwa vimeshaanza kuandika. Lakini kazi ina sheria yake: ukiwa na uhusiano na mtu aliyetajwa, unasema, na mwingine anahakiki sehemu hiyo. Nilimpigia mhariri nikamwambia kwamba msichana wa Ahero ni mke wangu. Akaniuliza, na karani je? Nikamwambia karani ndiye anayezungumza naye. Hakucheka, Mungu ambariki. Alisema nimpe namba ya mke wangu, aya hiyo itahakikiwa na mwenzangu wa Nairobi, binti mmoja makini, nami nisimwandae mke wangu kwa lolote.

Sikumwandaa. Nilimwambia tu kwamba atapigiwa simu na watu wa jarida, ajibu atakavyo. Akauliza ni kuhusu nini. Nikasema ni kuhusu muziki. Akarudi kwenye kazi zake.

Simu ililia Jumamosi mchana. Alikuwa amekaa na ungo mapajani akichagua mchele, mikono ina kazi, kwa hiyo aliweka spika na kuiegemeza simu kwenye bakuli. Mimi nilikuwa mezani sebuleni, mlango wazi, nimefungua ukurasa ambao sikuusoma. Binti alijitambulisha vizuri. Aliuliza kama mama alimjua marehemu. Alimjua, kama wasichana wote wa Ahero walivyomjua. Akauliza kama waliwahi kuwa wapenzi.

Mke wangu alicheka kabla swali halijaisha. "Wapenzi wa nini? Yeye anapiga gitaa, mimi nacheza. Ni hiyo tu."

Binti akauliza, kwa adabu, basi sifa zile zilitoka wapi.

"Sikiza, nyathina," alisema, yaani mwanangu, kama anavyowaita wasichana wote. "Hiyo sifa ni mimi nililipia. Pesa yangu ya mchele. Wenzangu wote wamesifiwa na mabwana wao, mimi nimekaa tu kwa benchi. Wangu alikuwa ameandika barua ati anakuja, na hakukuja. Nikaenda mbele, nikalipa, nikamwambia mwimbaji vile atasema."

"Hata yale ya mchumba anayesahihisha makosa?"

"Hayo zaidi. Hayo nilikuwa nimeyatunga njiani nikienda."

Mkono wake uliendelea kuchagua mchele. Binti alimuuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwepo anayeweza kuthibitisha, maana shahidi mmoja, tena mhusika, hatoshi. Mke wangu akampa namba ya mpiga besi wa zamani, aliyerudi kwao Asembo Bay.

Sijui nieleze vipi furaha yangu. Adui yangu alikuwa ameanguka bila mimi kumgusa. Hakuwa na kidonda wala mapenzi. Alikuwa mtu wa kazi aliyelipwa akafanya kazi! Na yale maneno yaliyonichoma miaka yote yalikuwa ya mke wangu, msichana aliyeudhika kwa kunikosa. Nani audhike kwa kumkosa asiyempenda? Usiku tulikula mbuta wa kukaanga. Nilisema samaki ni mtamu, nikaomba ugali zaidi, nikaimba kidogo wimbo ule ule nikinawa mikono. Mke wangu aliniuliza kama ni mgonjwa.

Jumatatu nilifungua faili ili niunganishe sehemu yangu na ya mwenzangu. Alikuwa amefanya kazi safi. Aliandika kwamba aya ina kosa: sifa zilinunuliwa na msichana mwenyewe, chanzo ni mhusika, na mpiga besi amethibitisha, alikuwepo, alimwona akija mbele. Chini yake kulikuwa na maelezo mengine. Mpiga besi ameongeza kwamba msichana alilipa mara moja tu. Kwa kawaida sifa ya namna hiyo huisha na ngoma yake. Hii marehemu aliendelea kuiimba kila mahali bila kulipwa na mtu, na ni yeye aliyeshikilia iingizwe kwenye rekodi. Alipoulizwa sababu, mpiga besi amesema hajui. Kisha, kwa maneno ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuyaandika: "Alimpenda hadi kufa" haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Pendekezo, iondolewe.

Iliondolewa. Mwandishi aliandika upya aya nzima, akaeleza pakruok, akamweka msichana asiye na jina anayekwenda mbele na pesa zake, na ni lazima nikiri ni aya nzuri kuliko zote. Jarida lilipotoka nilimletea mke wangu nakala. Aliisoma aya hiyo polepole, akairudia, akaliweka jarida juu ya kabati pamoja na picha za watoto.

Nilivumilia hadi chakula cha jioni, samaki tena. Halafu nikamuuliza kwa nini yule mtu aliendelea kuimba bila malipo.

"Hilo ungemuuliza yeye akiwa hai," alisema.

Nikasema sawa, na yeye je, alipokuwa akimsikia redioni, mwaka baada ya mwaka, alijisikiaje. Ni swali la kikazi, niliongeza, kama mpumbavu.

Safari hii hakucheka. "Nilifurahi, Baba. Kila mara. Yule nilimlipa siku moja, akanisifu mpaka akakufa. Wewe nimekupikia miaka yote hii. Nikulipe nini ndiyo nisikie hata sifa moja?"

Alisubiri. Nilijua anasubiri, na nilijua kwamba hapa hakuna mwingine wa kumpigia simu. Mfereji wa kwanza, kicheko kinachotangulia mzaha, yote mazuri yalikuwa yameshasemwa, na kila nililotaka kusema nililisikia kwa sauti ya mtu mwingine na gitaa lake.

Nilimwambia samaki ni mtamu.

Akanitazama, akachukua sahani yangu kabla sijamaliza, akaenda nayo jikoni.