Kisima Changu na Barua ya Daraja

Mwaka wa 2012, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa bado hazijaanza, chifu wetu alituita ofisini kwake kutusomea barua. Ilikuwa ya injinia, imeandikwa kwa Kiingereza kwa ofisi ya barabara ya wilaya kule Lodwar. Chifu alipewa nakala tu. Alisoma mstari mmoja kimoyomoyo, akatuambia kwa Kiswahili, halafu akarudia kwa Kiturkana kwa ajili ya waliokaa nyuma. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, mbuzi wakanihitaji. Kuandika hivi nilijifunzia uzeeni, darasa la watu wazima la kanisani, kwa hiyo siku ile nilisikiliza kwa masikio kama wengine.

Barua ilisema daraja letu, lile la upande wa Kakuma, halina nguvu tena. Mafuriko yalikuwa yamechimba mchanga kwenye mguu wa nguzo ya kati hadi msingi ukabaki nje, na chini ya msingi kumetoboka pango. Boriti moja ya zege ina ufa. Kwa hiyo gari lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, gari na mzigo wake pamoja, lisipite juu. Magari madogo yapite moja moja, polepole. Malori makubwa yateremke kwenye mchanga wa laga, yavukie chini na kupanda ng'ambo. Laga ni mto wetu ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Ikijaa maji, malori yangoje. Iwe hivyo mpaka nguzo itengenezwe.

Hilo la pango sikuhitaji kuandikiwa. Sisi wanawake tulikuwa tukipumzika kwenye kivuli cha daraja miaka yote. Zamani ule msingi ulikuwa umefukiwa, hukuweza kuuona. Mwaka ule nilikuwa naweka mtungi wangu juu yake kama mezani, na watoto walikuwa wakiingiza mikono chini yake kutafuta mijusi. Tuliona, tukanyamaza. Hatukujua kwamba kuna mtu wa kuambiwa.

Kilichonishtua ni jambo lingine. Kijana wangu wa pili alikuwa dereva wa lori la magurudumu mengi, la kupeleka mahindi na mtama Kakuma. Alipita pale kila wiki, kwenda amejaa na kurudi mtupu.

Chifu alitandaza mchoro uliokuja na barua. Wanawake wakainama kuutazama, na mmoja akacheka.

"Huyu injinia alikuja saa ngapi?"

Chifu akasema mchana.

"Ndiyo maana."

Mchana visima vyetu huwa vimefunikwa kwa matawi ya miiba, mifugo wasitumbukie wala kuchafua maji. Tunachota alfajiri na jioni. Yule mtu wa watu alipita saa saba, akaona miiba imetupwatupwa, akaandika kwamba mchanga ni mtupu. Njia aliyowachorea malori ilipita juu ya visima vya familia tisa.

Asiyekaa kwetu inafaa aelewe. Kisima cha mchangani si shimo la kila mtu. Kina wenyewe. Mgeni akitaka maji huomba, na hanyimwi, lakini hachoti bila kuomba. Na hakuna anayeruhusiwa kurudisha mchanga ndani ya kisima ila mwenye kisima. Ukifukia cha mwenzako umeanzisha ugomvi ambao wajukuu wataukuta. Wanawake wakasema wazi kwamba lori la kwanza kushuka litawakuta wamekaa kwenye njia. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku zikapita, malori yakaendelea kupanda darajani kana kwamba barua haikuandikwa. Chifu akaniambia tufuatane Lodwar. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, nina mdomo. Sikukataa.

Afisa wa barabara alikuwa mtu mpole mwenye meza iliyojaa karatasi. Alinivutia kiti, akaniita mama, akaagiza chai. Barua ya injinia ilikuwa mbele yake, imepigwa mhuri wa kupokelewa. Alitueleza kwamba injinia anashauri, lakini amri ya kuzuia magari lazima itoke ofisini pake. Na yeye hawezi kuyafukuza malori darajani kama hana pa kuyapeleka.

"Nikitoa amri leo, mama, kesho chakula cha kambi ya wakimbizi ya Kakuma kimekwama upande huu. Nyinyi mmeshasema malori hayatashuka kwenu. Niyapitishe wapi?"

"Na usipotoa?"

Akatazama barua. Akasema uchaguzi unakuja, wilaya zinageuka kaunti, huenda mwenye kiti kipya akapata njia ya kulimaliza.

Nikamwambia, "Kijana wangu anapita pale Alhamisi."

Chai yangu ikapoa. Mwishowe akachukua simu, akampigia injinia mbele yetu, akamwambia arudi kwenye laga, na safari hii aende alfajiri.

Injinia alikuja Jumatano, gizagiza. Mtu wa Nairobi, mwembamba, viatu vizito. Akanisalimu, "Shikamoo, shosho."

"Shosho wako yuko kwenu," nikamjibu. "Hapa bibi huitwa ata."

Akarudia salamu kwa Kiturkana, ejok, ata, vibaya kabisa, wanawake wakacheka mpaka wakamwaga maji. Lakini alipoona visima vyote vimefunuliwa na watu wamepanga foleni, hakujitetea. Alitoa mchoro wake, akaukunja na kuutia mfukoni.

"Nilikosea," akasema. "Nionyesheni nyinyi."

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Alikuwa na mtaimbo mrefu wa chuma. Akawa anautumbukiza mchangani kila hatua kadhaa, kuona pagumu pako umbali gani. Juu kidogo, mto unakotoka, mchanga ulimeza mtaimbo wote. Lori lililojaa, alisema, litazama hapo hadi ekseli. Chini ya daraja vilevile. Nikamwambia aache kutafuta kama mtu aliyepoteza sindano, aniulize mimi. Kisima cha dada yangu, kule juu, ukisimama ndani huonekani kichwa. Changu hakifiki kiunoni, kwa sababu chini yake kuna mwamba. Mwamba huo ndio unaozuia maji yasipotelee ardhini. Akaung'oa mtaimbo mchangani.

"Mwamba unafika wapi?"

Nikamwonyesha kwa fimbo, ukingo hadi ukingo. Akapiga mtaimbo kila mahali nilipoonyesha, na kila mahali ukalia. Akasema mchanga wenye unyevu juu ya mwamba hushika gurudumu. Ukipanga mawe kwenye mapito mawili ya magurudumu, lori linavuka. Mstari huo haukugusa visima vinane. Ulipita katikati ya changu.

Alilaza mtaimbo chini, maana chifu alikuwa ameshamweleza desturi. Kisima kile alikichimba mama mkwe wangu, nikakirithi siku aliyoshindwa kuinama. Mbuzi wangu wote walinyweshwa pale. Nitakuwa mwongo nikisema nilikubali mara moja. Niliondoka, nikaenda kuketi na mbuzi hadi jua likachoma. Nilikuwa na hasira na daraja, na injinia, na huyo mkwe wangu aliyechagua kuchimba pale badala ya popote. Halafu nikahesabu. Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Nikarudi na karai. Nilichota maji ya mwisho, nikawapa mbuzi, nikaanza kurudisha mchanga. Injinia alitaka kunisaidia, chifu akamshika mkono. Kazi ile ilikuwa yangu peke yangu. Nilipomaliza, dada yangu akaniambia nitachota kwake hadi nitakapochimba kingine, na kwamba sitaomba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kwa namna ambayo sikuzoea kuiona ofisini. Siku ileile injinia aliandika barua ya pili, fupi, yenye mchoro mpya, na afisa wa Lodwar akatoa amri. Polisi wa barabarani wakapata nakala. Alhamisi mwanangu alisimamishwa kabla ya daraja. Ikabidi angoje siku tatu, mawe yapangwe. Mawe tuliyabeba sisi, na wanawake wa Sudan Kusini wanaouza mtama sokoni Kakuma wakaja na mikokoteni yao, kwa sababu mtama wenyewe ulikuwa ndani ya malori yale. Mmoja wao, jitu la mwanamke, alibeba mawe mawili kwa mara moja huku akituuliza kama sisi tumekuja kutazama.

Ofisi ilileta mabango. Mara ya kwanza waliyasimika pale pale mwanzo wa daraja. Lori likafika, likaliona bango, likakosa nafasi ya kugeuka, likarudi kinyumenyume huku magari yamejazana nyuma yake. Nilimwambia fundi kwamba bango linatakiwa kule njia zinapogawanyika, mtu aamue kabla hajafika. Wakalihamisha. Kisha wakaweka mapipa yaliyojazwa zege mwanzo na mwisho wa daraja, yakaacha nafasi ya kupita gari dogo na kanta, yale malori madogo, si zaidi. Bango dereva anaweza kujifanya hakuliona. Pipa la zege, hapana.

Mwanangu alishuka kwenye laga wa kwanza. Alikuwa amenuna siku zote tatu. Alitia gia ya chini, akashuka polepole, magurudumu yakapanda mawe, lori likaegemea kidogo juu ya mahali palipokuwa kisima, likanyooka, likapanda ng'ambo. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama, umenifanya nitembee kama kobe."

"Tembea," nikamwambia.

Kabla ya kuondoka, injinia alipaka mstari mwekundu kwenye nguzo ya kati na mwingine kwenye nguzo ya pembeni, ikiwa sawa. Alisema baada ya kila mafuriko mtu atazame kama bado iko sawa, na kama wa kati umeshuka hata unene wa kidole, daraja lifungwe kwa wote, hata pikipiki. Chifu akasema atatazama yeye. Nikasema nitatazama mimi, kwa sababu chifu ana mikutano.

Mvua ilinyesha milimani, laga ikashuka usiku kwa kishindo. Malori saba yalilala kila upande, la mwanangu mojawapo, madereva wakitukana mawingu. Kanta na pikipiki ziliendelea kupita juu, moja moja. Niliteremka maji yalipopungua hadi magotini, nikaenda hadi kwenye nguzo nikishikilia fimbo. Mistari ilikuwa sawa. Niliwapigia kelele wale wa juu kwamba iko sawa, na mwanangu, aliyekuwa amenuna tena, akacheka.

Mwaka uliofuata ofisi ilibadilisha jina, na afisa mwingine akaketi kwenye kile kiti. Nilidhani faili litapotea. Halikupotea. Walikuja watu na mawe ndani ya nyavu za waya, wakayapanga kuzunguka mguu wa nguzo, na zege wakalisukuma ndani ya pango kwa bomba la mpira hadi likajaa. Walisema boriti yenye ufa itashughulikiwa baadaye, na kwamba tani kumi zinabaki kumi hadi injinia atakapoandika vingine.

Mwanangu huniuliza kila akipita ataruhusiwa lini kupanda juu. Namjibu kwamba barua haijasema. Kisima kipya nilikichimba juu ya mwamba uleule, hatua ishirini kutoka kwenye njia ya malori. Siku ya nne mchanga ulilowa, ya tano nikanywesha mbuzi.