Friji la Maziwa na Tundu la Ozoni

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa alirudi kutoka semina ya siku moja mjini Moshi akiwa ameiva kuliko sisi tuliosoma miaka. Alituita baada ya ibada, akatangaza kwamba friji letu ndilo linaloyeyusha theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro.

"Gesi yake inatoboa ozoni," alisema. "Joto la jua linaingia tunduni, mlima unabaki kipara. Friji litoke!"

Mae! Friji lile tulilinunua kwa taabu, limeshatumika, kwa familia moja ya Kihindi iliyouza aiskrimu mjini. Bila hilo maziwa ya jioni yanachacha, maana gari la kuyachukua lilipita asubuhi tu. Mimi nilitegemea ng'ombe mmoja kusomesha watoto wawili. Halafu nilikuwa mwalimu wa jiografia, mdomo ukaniwasha.

"Mwenyekiti, umechanganya mafaili," nilisema. "Ozoni iko juu sana, inazuia mionzi inayounguza ngozi na kuharibu macho. Gesi ya mafriji ya zamani kama hili letu ikivuja ikafika huko, inaila. Hilo tundu lenyewe liko kusini kabisa mwa dunia. Joto ni kesi nyingine. Tukichoma mafuta na misitu, hewa ya ukaa inarundikana angani. Inaruhusu mwanga wa jua uingie, halafu inalizuia joto la ardhi lisitoke. Hilo ni blanketi, si tundu."

"Na gesi ya friji si blanketi?" aliuliza mama mmoja.

"Ni blanketi pia, ikivuja. Ikikaa ndani ya bomba haina neno. Friji likichoka, aitwe fundi aivutie gesi kwenye mtungi."

Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, wewe semina hukuwepo."

Hoja hiyo ndiyo iliyoshinda. Mikono ikanyooshwa. Maziwa ya jioni, wakakubaliana, yatachemshwa kwa kuni, na mti mkubwa nyuma ya kanisa ukapangiwa shoka. Kuulinda mlima, jamani! Nilicheka peke yangu, nikaonekana nina kiburi.

Wanaume wanne wakalibeba friji hadi uani. Mwenyekiti alihofia kikundi cha jirani kisije kikalichukua likaendelea kutoboa anga, kwa hiyo akaagiza panga ili life kabisa.

"Bomba usiliguse!" nilipiga kelele. "Mwenyekiti, nakuomba, bomba hapana!"

Alidhani nalililia friji, na kweli nilikuwa nalililia. Akalikata bomba la nyuma kwa pigo moja. Likatoa pssss ndefu, hadi kuku wakakimbia.

"Mmesikia?" alisema akijifuta jasho. "Limekata roho."

Kikundi kizima kikapiga makofi, na gesi iliyokaa kwa adabu ndani ya bomba miaka yote ile ikashika njia kwenda juu.